Cheti cha Tanzania kwenye ajira za Minago

Mwajiri wa Minago, Burundi, anayetafuta mhasibu au mtunza stoo, awe na mtambo wa mawese, duka la jumla au zahanati, hupokea makaratasi ya nchi mbili tatu. Kuna diploma ya A2 ya Burundi, kuna ya Kongo kutoka ng'ambo ya ziwa, na kuna cheti cha Kidato cha Nne cha Tanzania. Hiki cha mwisho ndicho kinachozua maneno. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walisomesha watoto wao kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa mtaala wa Tanzania, na kuanzia 2008 zaidi ya watu 50,000 walirejea kutoka makazi hayo, wengi wakielekea kusini mwa Burundi. Karatasi ya Kiingereza ikiwekwa mezani kwa msimamizi aliyesoma kwa Kifaransa, mwenye cheti huanza kuulizwa maswali ambayo mwenzake wa A2 haulizwi.

Dawa ya kwanza ni kuwauliza wote jambo lilelile. Tangazo la kazi liseme mapema kwamba watakaofika hatua ya mwisho watahakikiwa vyeti, na kila mmoja wao atie saini karatasi moja ya ridhaa. Hakuna haja ya kuhakiki watu 30 walioomba. Wahakikiwe wawili waliofanya vizuri kwenye usaili na kwenye jaribio la kazi: daftari la stoo lenye madumu ya mawese yasiyolingana na risiti, na saa moja ya kutafuta kosa liko wapi. Jaribio hilo pekee huondoa wengi waliobeba vyeti vizuri.

Baada ya hapo mwajiri asome cheti chenyewe. Tuseme mgombea analeta Kidato cha Nne chenye B moja, C tatu na D tatu katika masomo saba bora. Kwa hesabu ya Tanzania A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Jumla ni 23, na 22 hadi 25 ni Divisheni ya Tatu. Cheti kikisema Divisheni ya Pili, mtu amegusa alama. Lakini mwajiri aangalie mwaka: matokeo ya 2014 yalitolewa kwa wastani wa alama, na badala ya divisheni yaliandikwa Distinksheni, Meriti, Krediti au Pasi. Mwenye "Meriti" ya mwaka huo hajaghushi kitu.

Hatua inayofuata ni tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, necta.go.tz. Namba ya mtihani ina sehemu ya kituo na sehemu ya mtahiniwa, na kwa namba hizo matokeo hupatikana kwa dakika chache. Hapa wengi huishia, na hapa ndipo wanapodanganyika. Ukurasa wa matokeo unaonyesha namba, jinsia, divisheni na alama za masomo, bila jina. Unathibitisha kwamba mtu fulani alifaulu. Hausemi kama ndiye aliyekaa mbele yako. Uhakiki wa watumishi wa umma wa Tanzania, uliokabidhiwa Rais Magufuli Dodoma tarehe 28 Aprili 2017, ulitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na kando yao vyeti 1,538 vilivyokuwa vikitumiwa na watu 3,076. Vyeti hivyo vya kuazimana vingepita kwenye tovuti bila tatizo.

Kwa hiyo jina lazima lithibitishwe na Baraza lenyewe, kwa barua inayoambatana na ile ridhaa, na jibu lije moja kwa moja kwa mwajiri. Anwani ichukuliwe kwenye tovuti ya Baraza, isichukuliwe kwa mgombea. Kwa diploma ya Burundi, shule iliyoitoa ina rejista zake.

Jibu huchelewa, na kazi haiwezi kusimama. Aliyeshinda aanze kwa mkataba wenye sharti la maandishi: cheti kikithibitika kuwa cha uongo, mkataba unakufa. Asipewe funguo za kasha la fedha peke yake mpaka jibu lifike. Nakala ibaki kwenye faili lake la ajira, cheti halisi arudishiwe siku ileile, maana kumshikia mtu cheti ni kumfunga asitafute kazi kwingine.

Kinachoumiza waaminifu zaidi ni majina. Shule za Tanzania ziliandikisha mtoto kwa jina lake, la baba na la babu. Kitambulisho cha Burundi kina jina la mtu na jina lake la Kirundi, ambalo ndugu wa tumbo moja hawashiriki. Ongeza karani aliyeandika L palipokuwa na R, na cheti halali kabisa hakifanani na kitambulisho. Kwa mtu kama huyu, cheti cha kuzaliwa, hati ya kurejea nchini na picha iliyopo kwenye vyeti vya miaka ya karibuni huunganisha majina mawili. Baada ya uhakiki wa 2017 baadhi ya waliotajwa walikata rufaa na kurudishwa kazini, lakini majina yao yalikuwa yameshatangazwa. Jibu baya likifika Minago, mgombea alisome yeye kwanza, apewe siku za kuleta maelezo, na hadi hapo asiambiwe mtu mwingine yeyote pale kazini.