Unaanza Kijerumani cha A1? Fungua somo la chakula kabla hujalipia kitabu

Anayetaka viza ya kumfuata mwenza wake Ujerumani, au kwenda kama opea, kwa kawaida huombwa cheti cha Kijerumani cha A1. Ndiyo ngazi ya kwanza, na wengi huiandalia nyumbani kwa kitabu kimoja na simu. Kitabu kikiwa kibovu, unagundua siku ya mtihani, na ada ya mtihani umeshalipa.

Usihukumu kitabu kwa jalada wala somo la kwanza. Somo la kwanza la vitabu vyote ni salamu na majina, huwezi kuona tofauti. Nenda moja kwa moja kwenye somo la chakula na kununua vitu, ambalo mara nyingi ni la tatu au la nne.

Hapo ndipo Kijerumani kinapoanza kubana. Nomino zake zina makundi matatu, der, die na das. Sisi wa ngeli hilo halitutishi, ila ki- ya kitabu unaiona kwenye neno lenyewe, wakati Apfel (tofaa) halikuambii kwamba ni la der. Ni lazima ulikariri pamoja na der yake. Kwa hiyo angalia orodha ya maneno: kama imeandika Apfel peke yake, bila der na bila wingi wake, rudisha kitabu.

Sasa tazama mpangilio. Ukisema "nanunua tofaa", ein inageuka kuwa einen: Ich kaufe einen Apfel. Ndizi inabaki eine Banane, mkate unabaki ein Brot; kinachobadilika ni kundi la der tu. Kitabu kizuri hulieleza jambo hili hapo hapo kwenye manunuzi, au somo moja kabla. Kibaya hukupa zoezi la kununua leo, halafu maelezo yanakuja masomo matatu mbele. Ukisoma na mwalimu atakuokoa. Ukisoma peke yako utazoea kosa, na kulitoa baadaye ni kazi.

Sauti: jaribu 13 na 30

Cheza sauti ya somo lenye namba au bei, bila kutazama maandishi. Tafuta dreizehn (13) na dreißig (30). Kama huzitofautishi, rudia kwa spika za masikioni. Ukizisikia sasa, tatizo lilikuwa spika ya simu. Zikiendelea kufanana hata baada ya kusoma maandishi yake, huenda rekodi yenyewe ni mbovu, na hicho ni kitu ambacho bidii yako haitakirekebisha.

Sikiliza pia kama ni mtu mmoja anayesoma polepole mwanzo hadi mwisho. Kwenye mtihani wa A1 wa Goethe, sehemu ya pili ya kusikiliza ni matangazo, kama yale ya stesheni au dukani, na unayasikia mara moja tu. Unahitaji sauti za watu tofauti, wanaoongea kama watu. Na wale wanaonunua fotokopi mtaani, ulizeni kwanza sauti zinapatikana wapi. Baadhi ya vitabu hutaka namba ya siri iliyochapwa ndani, na fotokopi inaweza isiwe nayo.

Mazoezi na majibu

Kujaza nafasi pekee hakutoshi. Mtihani huo unakutaka ujaze fomu, uandike ujumbe wa maneno kama 30, ujitambulishe, uulize maswali na uombe kitu. Pekua masomo mawili: kama hukuti hata zoezi moja la kuandika ujumbe, kitabu hicho peke yake hakikufikishi.

Majibu nayo yana mtego. Mara nyingi kitabu cha darasani hakina majibu, kwa kuwa mwalimu yupo. Majibu hukaa kwenye kitabu cha mazoezi, au mtandaoni chini ya neno Lösungen. Ukiyapata, angalia zoezi la kuandika ujumbe. Ukikuta mfano kamili wa ujumbe, safi. Ukikuta tu kwamba majibu yanatofautiana, huna wa kukusahihisha, labda utafute mtu.

Kama bajeti ni ndogo, anza na Nicos Weg ya Deutsche Welle. Ni ya bure, ina video za kijana Mhispania aliyefika Ujerumani, na mazoezi yake yanakuonyesha jibu papo hapo. Kasoro yake ni hiyo hiyo ya kuandika: mazoezi mengi ni ya kuchagua na kujaza.

Ukiamua kununua, soma jalada vizuri. A1.1 ni nusu tu ya ngazi; A1.2 ni kitabu kingine, na unakilipia tena.