Shamba la kando ya mto: usitume hela kwa namba moja

Wengi wetu hapa Dallas, Fort Worth na Houston tunanunua ardhi nyumbani kwa simu. Ukinunua kiwanja huku Texas, eneo linasomwa kwenye ramani ya mpima. Kule unaambiwa tu, "ni ekari mbili na nusu, linashuka mpaka mtoni." Upande wa mto haujanyooka, sasa hiyo mbili na nusu imetoka wapi? Mara nyingi mtu amepima mbele, akapima pale shamba lilipo refu zaidi kuelekea mtoni, akazidisha.

Kuna njia ya kupata eneo halisi, na ndugu yako aliye kule anaweza kuifanya asubuhi moja akiwa na tepu, kamba na vigingi.

Tuchukue mfano wa shamba kando ya mto Ruvu, mkoa wa Pwani, lenye mbele ya mita 120 barabarani. Mbele hiyo imenyooka, kwa hiyo ndiyo mstari wetu wa msingi. Ndugu anapiga kigingi kila baada ya mita 20, jumla saba, kuanzia sifuri. Toka kila kigingi anapima moja kwa moja mpaka juu ya ukingo wa mto. Asipime mpaka kwenye maji, maana kiangazi maji yanarudi nyuma na shamba "linaongezeka".

Kila kipimo kitoke kwa pembe mraba. Njia ya mafundi inatosha: mita 3 kwenye mstari, mita 4 kuelekea mtoni, na kamba ya kuunganisha iwe mita 5 kamili. Akienda mshazari, kila kipimo kinarefuka na eneo linavimba. Penye mteremko, tepu ishikwe mlalo, isifuate ardhi.

Tuseme vipimo vimekuja hivi, kwa mita:

```
62  70  81  86  83  74  64
```

Kati ya kigingi na kigingi kuna umbo la trapeza: pande mbili sambamba, na upande wa mto tunauchukulia umenyooka. Eneo lake ni wastani wa vipimo viwili mara 20. Ukijumlisha trapeza zote sita, vipimo vya katikati vinatumika mara mbili, vya mwisho mara moja tu. Ndiyo maana vya mwisho vinagawanywa kwa mbili:

```
(62 + 64) / 2 = 63
70 + 81 + 86 + 83 + 74 = 394
(63 + 394) x 20 = 9,140
```

Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo hapo una ekari 2.26. Muuzaji alizidisha 120 kwa 86 akapata 10,320, yaani ekari 2.55, na "akakupunguzia" iwe mbili na nusu. Kwa bei ya shilingi milioni 10 kwa ekari, tofauti ni milioni 2.4. Na ukisahau kugawanya vile vya mwisho, utapata 10,400, zaidi hata ya muuzaji.

Njia hii ina udhaifu mmoja: haioni kilichopo kati ya vigingi viwili. Mto ukiingia ndani ya shamba pale katikati, hesabu inazidisha. Shamba likitokeza kuelekea mtoni, inapunguza. Tuseme kati ya kipimo cha 70 na cha 81 mto umeingia, na pale katikati kuna mita 55 tu. Bila kipimo hicho kipande kinasoma 1,510. Ukikiongeza, unapata trapeza mbili za mita 10, 625 na 680, jumla 1,305. Mita 205 za mraba zimeyeyuka. Mwambie ndugu aongeze kigingi popote ukingo unapokata kona.

Sasa jambo zito zaidi. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Toa 60 kwenye kila kipimo, kisha rudia hesabu:

```
2  10  21  26  23  14  4
(3 + 94) x 20 = 1,940
```

Hiyo ni ekari 0.48. Na ni kiwango cha juu, kwa sababu mahali ukingo ulipolala mshazari, mita 60 zinakula zaidi ya hapo. Unalipia ekari mbili na nusu, unajenga kwenye nusu ekari. Kenya hifadhi ya mto ni kati ya mita 6 na 30, kwa hiyo hapo toa namba inayohusika.

Hesabu hii haichukui nafasi ya mpima ardhi aliyesajiliwa. Hati itafuata vipimo vyake. Kazi yake ni kukupa bei ya kujadili kabla hujatuma arubuni. Muombe ndugu yako vipimo vyote saba na picha ya kila kigingi, hesabu ufanye mwenyewe.