Nani Anaruhusiwa Kupakua Orodha ya Wateja?

Mlaji wa Daudi, wilayani Mbulu, anaponunua mtambo wa sola kwa malipo ya awamu, humwachia muuzaji jina lake, namba ya simu, kitongoji anachoishi na kiasi cha deni lake. Taarifa hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa kuhudumia wateja. Hilo halina ubaya, kwa kuwa wakala asiyeziona hawezi kuhakiki malipo, wala fundi hawezi kuifikia nyumba. Swali lisiloulizwa mara nyingi ni hili: miongoni mwa wanaoweza kuiona taarifa yako, ni nani anayeweza kuichukua pamoja na za wateja wengine wote kwa mkupuo?

Hizo ni ruhusa mbili tofauti. Tuchukue mfano wa kampuni yenye wateja 3,000. Wakala anayefungua taarifa za mteja mmoja mmoja na kuzinakili, nusu dakika kwa kila mteja, atahitaji saa 25 za kazi mfululizo. Mwenye ruhusa ya kupakua hubonyeza kitufe, na orodha nzima inakuwa faili moja linaloenea kwenye flashi. Faili hilo likishatoka, nywila ya kampuni hailifungi tena. Wakala akiacha kazi, akaunti yake hufutwa, lakini faili hubaki naye.

Mifumo mingi inayouzwa leo imeshatenganisha ruhusa hizo. Katika ERPNext, kwa mfano, jedwali la ruhusa za kila kundi la watumishi lina kisanduku cha `Read` na kingine cha `Export`. Kwa wakala wetu, cha kwanza huwekwa alama kwa wateja wa eneo lake tu, na cha pili huachwa wazi. Mhasibu anayetayarisha hesabu za mwezi huenda akakihitaji. Kwa maoni yetu, watu wawili wanatosha katika kampuni ya ukubwa huo, na kila upakuaji uachie kumbukumbu ya jina, saa na idadi ya wateja waliochukuliwa.

Hata hivyo, kuondoa kitufe si kufunga kila mlango. Katika Salesforce, kuondoa ruhusa ya `Export Reports` huzuia kupakua ripoti, lakini mtumishi mwenye `API Enabled` anaweza kuunganisha programu nyingine na kuvuta taarifa kupitia hiyo. Mwezi Juni 2025 wataalamu wa usalama wa Google walieleza jinsi wadanganyifu walivyoutumia mlango huo. Walipiga simu wakijifanya mafundi wa kompyuta, wakamshawishi mfanyakazi aidhinishe programu iliyoigiza Data Loader, chombo halali cha kuhamishia taarifa kwa wingi. Programu hiyo ilipata mamlaka yote ya yule aliyeidhinisha. Agosti mwaka huohuo Google yenyewe ilikiri kwamba mfumo wake mmoja wa Salesforce, wenye mawasiliano ya wafanyabiashara wadogo na wa kati, uliingiliwa kwa njia za namna hiyo. Kwa hiyo kadiri wenye mamlaka hayo wanavyokuwa wachache, ndivyo simu ya mdanganyifu inavyokosa wa kumnufaisha.

Kupiga picha kioo cha kompyuta hakuzuiliki kwa njia hii. Lakini picha huchukua wateja wachache, si 3,000.

Mlaji hawezi kuingia katika mfumo wa muuzaji, ila anaweza kusoma dalili. Mtu usiyemfahamu akikupigia akitaja jina lako na salio la deni lako, waulize majirani walionunua kwa muuzaji yuleyule. Ikiwa nao wamepigiwa wiki hiyohiyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba orodha imetoka kwa wingi. Ikiwa ni wewe peke yako, huenda mtu mmoja amefungua taarifa zako tu. Jambo hilo nalo ni kosa, ila uchunguzi wake huanzia kwenye kumbukumbu za kuona, si za kupakua.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako azilinde, na inakupa haki ya kujua anazitumiaje. Muulize muuzaji kwa maandishi: ni watumishi wangapi wanaoweza kupakua orodha ya wateja, na je, kumbukumbu za upakuaji zinatunzwa? Usikubali ajibu tu kwamba mfumo wake una nywila, maana yule wakala naye ana nywila.

Usiporidhika, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Andika tarehe na saa ya simu, namba iliyopiga na maneno yaliyosemwa kuhusu deni lako, kisha ambatisha nakala ya barua uliyompelekea muuzaji. Majirani waliopigiwa waandike yao pia, kila mmoja kwa jina lake. Tarehe zao zikikaribiana, mchunguzi atajua aanzie kumbukumbu za siku zipi.