Mauzo ya Kadi na Pesa za Benki: Jinsi ya Kujua Pengo Limetoka Wapi

Mwenye duka anayepokea malipo kwa kadi huona kwamba pesa zinazoingia benki ni pungufu ya jumla iliyochapishwa na mashine. Sehemu ya upungufu huo ni halali, kwa kuwa benki iliyotoa mashine hukata kamisheni yake kabla ya kuweka pesa. Jambo la kuchunguza ni kiasi kinachobaki bila maelezo baada ya kamisheni kuhesabiwa.

Chukua mfano wa duka la simu katika Barabara ya Luthuli, katikati ya jiji, ambalo pia hupelekea wateja bidhaa Kangemi, Kileleshwa na Lavington. Mkataba wake na benki unasema kamisheni ni asilimia 2.5. Mashine ilifungwa Ijumaa jioni ikiwa na mauzo ya shilingi 84,000, na Jumamosi ikiwa na shilingi 126,000. Siku hizo mbili zililipwa pamoja Jumatatu, kwa hivyo hulinganishwa pamoja.

Jumla ya mauzo ni shilingi 210,000. Kamisheni ni shilingi 5,250, na pesa zinazotarajiwa ni shilingi 204,750. Lakini taarifa ya benki inaonyesha shilingi 182,250. Pengo ni shilingi 22,500.

Kiasi cha pengo chenyewe hudokeza chanzo. Duka hilo huuza aina moja ya simu kwa shilingi 22,500. Kama mauzo ya simu moja hayangefika benki, pengo lingekuwa bei ya simu ikiwa imeshatolewa kamisheni, yaani shilingi 21,937.50. Hilo hutokea mtandao unapokatika au mashine isipofungwa mwisho wa siku: kadi ya mteja imekubaliwa, lakini muamala haujatumwa ili ulipwe. Pesa za namna hiyo kwa kawaida huja na malipo ya siku inayofuata mashine ikifungwa vizuri.

Hapa pengo ni bei kamili, bila senti kupungua. Hiyo ni dalili ya malipo yaliyorudishwa kwa pingamizi. Mwenye kadi amelalamika kwa benki yake, nayo benki ya duka imekata pesa za mauzo ya zamani kutoka kwa malipo ya sasa. Benki nyingi hazirudishi kamisheni iliyokatwa siku ya mauzo, ndiyo maana bei yote huondoka. Benki inayoirudisha italeta pengo la shilingi 21,937.50 pia, kwa hivyo mkataba usomwe kabla ya kuamua.

Kosa la kawaida ni kutafuta muamala huo katika ripoti za wiki hiyo. Kwa kadi za Visa na Mastercard, mteja anaweza kupinga malengo mengi ya malipo hadi siku 120 baadaye. Njia ya haraka ni kuomba benki taarifa ya kina ya malipo, kisha kutafuta nambari ya idhini katika risiti za miezi iliyopita.

Katika mfano huu, risiti inaonyesha simu iliyopelekwa Lavington kwa bodaboda, na nambari ya kadi iliandikwa kwenye mashine baada ya mteja kuitaja kwa njia ya simu. Mauzo ya aina hiyo ni dhaifu, kwa sababu kadi haikuchomekwa wala nambari ya siri haikubonyezwa. Kinachoweza kuliokoa duka ni karatasi ya kupokea mzigo iliyotiwa sahihi na mteja, pamoja na risiti yenye nambari ya utambulisho ya simu hiyo. Vielelezo hivyo hupelekwa benki kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika barua ya pingamizi. Tarehe hiyo ikipita bila jibu, duka hupoteza pesa hata kama mteja alipokea simu.

Katika vitabu, mauzo ya siku hizo mbili hubaki shilingi 210,000, kama zinavyoonyesha risiti za mfumo wa eTIMS. Shilingi 5,250 huandikwa kama gharama ya benki, na shilingi 22,500 huwekwa kando kama pesa zenye mgogoro hadi uamuzi utolewe. Anayeandika shilingi 182,250 kuwa ndiyo mauzo hupunguza mauzo yake kwa shilingi 27,750, na hesabu zake hazitalingana na risiti alizotoa.

Duka lenye kadi za nchi za nje lihesabu mauzo hayo peke yake, kwa kuwa kamisheni yake mara nyingi huwa juu zaidi. Yakichanganywa na ya kadi za humu nchini, pengo dogo litatokea kila siku ingawa hakuna pesa iliyopotea.