Kumdai Mjomba Pasipo Kumvunjia Heshima

Mwenye duka huandika madeni katika daftari, wala haoni haya kumwita mdeni apitapo. Mjomba hana daftari. Tuseme kijana aishiye Changamwe alimkopesha mjomba wake wa Likoni, dereva wa tuktuk, shilingi 6,000 za karo ya mtoto, kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa mwezi. Miezi mitatu imepita, na kodi ya nyumba ya kijana inakaribia. Afanyeje?

Kwanza, asimtume mama yake. Mama ni dada wa mdeni, na neno likipitia kwake, deni la wawili lageuka kesi ya ukoo. Wala asidai arusini au matangani, mbele ya ndugu. Hata mzaha haufai, kwani mzaha hujibiwa kwa mzaha, na kesho yake hapana ajuaye kama deni lilidaiwa.

Yafaa avuke feri mwenyewe, wakae wawili tu barazani. Aseme, "Shikamoo, mjomba," aulize hali ya watoto na ya kazi, na ayasikilize majibu vizuri, maana humo ndimo atakapojua kama fedha zipo. Kisha aseme: "Mjomba, nimekuja na shida yangu. Natakiwa kodi tarehe 5, nami nimepungukiwa. Katika zile elfu sita, waweza kunisaidia kiasi gani kwa sasa?" Shida imewekwa upande wa mdai, na deni limetajwa wazi, lakini mjomba ameachiwa kujibu kama mzee, si kama mshitakiwa.

Kwa kweli ile ahadi ya mwisho wa mwezi haikumfaa tangu awali. Dereva asiye na tuktuk yake hupata fedha kila siku, na jioni humpelekea tajiri hesabu. Kinachobaki huliwa usiku ule ule. Basi atoe 1,000 kabla ya tarehe 5, na zile 5,000 azilipe 500 kila Jumamosi, kwa Jumamosi 10, kwa njia ya simu. Ujumbe wa simu wenyewe ni hati yenye tarehe. Kurani, katika Sura ya Al-Bakara, aya ya 282, yaagiza deni la muda liandikwe. Na aya ya 280 yataka mdeni mwenye dhiki angojewe.

Lakini dhiki hutambulikaje? Jumamosi moja ikipita kimya, kijana anyamaze. Zikipita mbili, atazame: mjomba apigaye simu mwenyewe kusema chombo kilikuwa kwa fundi, huyo aongezewe muda. Asiyepokea simu, naye aonekana kila siku ferini akicheka na wenziwe, anakwepa. Hapo aendewe mzee mmoja tu, wa rika la mjomba, akaseme naye faraghani.

Na kama kijana ataamua kusamehe salio, amwambie mjomba kwa kinywa chake. Deni lililosamehewa kimoyomoyo, mdeni bado ahesabu kuwa lipo, naye ataikwepa nyumba ya dada yake hata siku ya Idi.