Simu na akrabu za ubao wa msikiti

Misikiti mingi ya hapa Pwani ina ule ubao wa ukutani wenye saa sita ndogo, tano za swala za kila siku na moja ya Ijumaa. Saa hizo hazitembei. Muadhini ndiye huzisogeza akrabu kwa kidole nyakati zinapobadilika, ili watu wajue swala itakimiwa saa ngapi. Siku hizi vijana huupiga picha ubao, wakaitia picha kwenye programu ya akili unde iwaandikie nyakati, kisha orodha ikarushwa kwenye kundi la mtaa.

Orodha moja ya namna hiyo ilitufikia majuzi ikisema jamaa ya Alasiri ni saa kumi na dakika hamsini, na ya Isha ni saa tatu na dakika thelathini na nane usiku. Ubao wenyewe ulionyesha 3:50, yaani saa kumi kasoro dakika kumi, na 7:45, saa mbili kasorobo. Mzee aliyeifuata orodha ile angefika Alasiri watu wameshatawanyika zamani. Nimeiangalia picha kwa utulivu, na makosa yale mawili si ya aina moja.

Kwenye Alasiri, akrabu ndefu ilikuwa juu ya 10 na fupi karibu kabisa na 4. Programu ikachukua nne, ikachukua hamsini, ikaziunganisha. Lakini akrabu fupi haikai kwenye namba moja saa nzima. Hutembea nyuzi 30 kwa saa, yaani nusu nyuzi kila dakika. Ikiwa ni 3:50, imeshaiacha 3 kwa nyuzi 25 na imebakisha 5 tu kuifikia 4. Ingekuwa kweli 4:50, akrabu hiyo ingekuwa inaikaribia 5. Kwa hivyo jibu la programu lilipingwa na picha yenyewe.

Kwenye Isha, programu ilibadilisha akrabu. Ndefu ilikuwa juu ya 9, fupi kati ya 7 na 8. Ikadhani ndefu ndiyo ya saa, na ile fupi ikaihesabu kama dakika 38. Hapa pia ushahidi upo: ingekuwa 9:38, akrabu ya saa ingekuwa imeshaivuka 9 na iko katikati ya safari ya kwenda 10. Ile ilikuwa imetua juu ya 9 sawasawa.

Kwa nini chombo kinachoandika barua nzuri kishindwe na jambo hili? Kwa sababu hakikupima nyuzi hata moja. Picha hukatwakatwa vipande vidogo vya mraba, kisha programu hukisia maneno yanayoelekea kufuatana na picha kama hiyo. Ilijifunza kwa picha zilizoandikiwa maelezo, na ni nani anayeandika chini ya picha ya sebule kwamba saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika ishirini? Picha nyingi za saa zinazopatikana ni za wauzaji, nao wana desturi ya kuziweka 10:10 ili akrabu zisifunike jina la kampuni. Ndiyo maana ukiiambia programu ichore saa, mara nyingi utaletewa hiyo hiyo 10:10. Tena picha ya ubao mzima ikishapunguzwa, tofauti ya urefu wa akrabu mbili za saa ndogo hubaki kama unywele.

Geji ya mtungi au ya pampu ni mbaya zaidi. Ina mshale mmoja tu, hakuna wa pili wa kuushuhudia, na nyingi zina safu mbili za namba. Mshale ule ule husomeka 7 kwenye safu ya baa na kama 100 kwenye safu ya paundi kwa inchi ya mraba.

Na sisi tuna letu la ziada. Akrabu fupi ikiwa kwenye 4, Mswahili husoma kumi, namba iliyo upande wa pili wa uso wa saa. Programu wakati mwingine huitafsiri 4:00 ikasema saa nne. Afadhali iandike kwa tarakimu, ubadilishe mwenyewe.

Anayetaka kuijaribu simu yake aiteremshe saa ya ukutani, aiweke 3:50, kisha 7:45, kisha 10:10, akiipiga picha kila mara kutoka mbele. Ikipatia ya mwisho peke yake, ajue haikusoma. Kwa ubao, piga picha ya kila saa peke yake, si zote sita pamoja, na uiulize kwanza akrabu fupi iko kati ya namba zipi kabla ya kuuliza ni saa ngapi. Hata hivyo, muadhini akisogeza akrabu ndefu akaisahau fupi, hesabu ya nyuzi haitakusaidia. Hapo muulize yeye.