Viboko Vinavyotoka Mtoni: Namna ya Kusoma Makosa ya Kiswahili cha Mashine

Aya ifuatayo nimeitunga mwenyewe, kwa kuunganisha makosa ya aina ninayokutana nayo ninapohariri maandishi yaliyotolewa na akili mnemba. Isome mara moja bila kusimama.

"Viboko vinavyotoka mtoni usiku vimeendelea kuharibu mashamba ya mpunga ya wakulima wa Rufiji. Mifereji ambayo wakulima walichimba kwa ajili ya kulinda mazao yao dhidi ya wanyama hawa hazijaleta tofauti kubwa. Ni muhimu kutambua kwamba uzio wa umeme unaweza kucheza nafasi muhimu. Mwisho wa siku, serikali na jamii wanahitaji kuwa kwenye ukurasa mmoja."

Tahajia ni safi na nukta ziko mahali pake. Mhariri mwenye haraka ataipitisha. Msomaji makini atasimama kwenye neno la pili.

Viboko vinavyotoka mtoni ni fimbo. Kiboko mnyama, pamoja na ki- yake, huingia ngeli ya A-WA kwa sababu ana uhai: viboko wametoka, viboko wameharibu. Kiboko cha kuchapia ndicho kinachobaki KI-VI. Ni hivyo hivyo kwa kifaru: akiwa mnyama amezaa, kikiwa chombo cha vita kimelipuliwa. Mtoto aliyekulia Kiswahili halitafuti jambo hili katika kitabu cha sarufi, kwani picha ya mnyama ndiyo inayomwongoza na kiambishi kinafuata. Aliyeandika "viboko vinavyotoka" amefuata herufi za mwanzo wa neno bila kumwona mnyama. Lakini tahadhari: mtu anaweza kuandika "kitoto kile kinalia" au "kijitu kimekaa pale" kwa makusudi, akidogosha au akidharau. Hapo KI-VI ina kazi yake. Katika habari ya mashamba yaliyoliwa haina kazi.

Sentensi ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi kama ushahidi. Nomino ni mifereji, ngeli ya U-I. Neno linaloifuata, "ambayo", limepatana nayo sawasawa. Kisha yanapita maneno kadhaa, katikati wakiwemo wakulima, mazao na wanyama, na tunapofika kwenye kitenzi kikuu tunakuta "hazijaleta" badala ya "haijaleta". Upatanisho ulikuwa sahihi karibu na nomino, ukapotea mbali. Mashine huandika kwa kukisia kipande kinachofuata, na kwake neno moja la Kiswahili linaweza kuwa vipande kadhaa vilivyokatwa kwa kufuata takwimu za matumizi. Vipande hivyo si lazima viangukie penye mipaka ya viambishi. Nomino ikishakuwa mbali na majina mengine yakiingia katikati, kiambishi cha ngeli kinaweza kuwa kile kilichozoeleka zaidi, na zi- imezoeleka sana.

Utaniambia hata binadamu hufanya kosa hilo. Kweli, ila hulifanya kwa namna yake. Nairobi utasikia "vitu zangu", "hii kitu", "mikutano zetu". Huo ni mwelekeo: ngeli nyingi zinaelekea kuungana katika I-ZI, na msemaji hufanya hivyo karibu na nomino na mbali nayo pia. Angesema "mifereji zenye walichimba hazijasaidia", mwanzo hadi mwisho kwa mtindo mmoja. Asingetoa "ambayo" ya darasani kisha "hazi-" ya mtaani katika sentensi hiyo hiyo, isipokuwa amechoka au amekatizwa.

Kuna tofauti nyingine pia, nayo hunisaidia kuliko sarufi yenyewe. Mtu ambaye upatanisho humpiga chenga kwa kawaida huteleza na kwingine. Huandika "kwasababu" kama neno moja na "ana kuja" kama mawili, husahau h ya "hakuna", au huchanganya r na l. Makosa yake yana ukoo mmoja na namna anavyosema. Ukikuta ukurasa ambao kila neno limeandikwa kama lilivyo kwenye kamusi huku viboko wamegeuzwa vitu, una haki ya kujiuliza maandishi hayo yametoka wapi.

Rudi kwenye mifereji, utazame mpangilio wa maneno. "Mifereji ambayo wakulima walichimba kwa ajili ya kulinda" haina kosa la sarufi, lakini ni nani hutamka hivyo? Mswahili angesema "mifereji waliyochimba wakulima ili kulinda mazao". Kirejeshi kinaingia ndani ya kitenzi, na mtenda anakuja nyuma ya kitenzi chake. Maandishi ya mashine mara nyingi hukimbilia "amba-" na kumweka mtenda mbele, kwa kuwa yamefinyangwa juu ya kiunzi cha Kiingereza. Hata maandishi ya Kiswahili ambayo mashine hufunzwa nayo, sehemu yake ni tafsiri.

Kwenye nahau ndipo ugumu unapoonekana hata kwa asiyejua ngeli. Nafasi huchezwa na kiungo uwanjani. Uzio wa umeme hauchezi chochote, unasaidia tu, au unafukuza viboko. "Kuwa kwenye ukurasa mmoja" ni maneno ya Kiswahili yaliyovaa fikra ya kwingine. Sisi tunasema serikali na wananchi wawe kitu kimoja, au wawe na kauli moja. Na "ni muhimu kutambua kwamba" haibebi kitu. Ifute, sentensi haipungui hata punje.

Hapa lakini naomba tusiwe wakali kupita kiasi. "Mwisho wa siku" imeshaingia redioni na vikaoni, na wanaoisema ni watu wenye damu. Watafsiri wa vipeperushi vya miradi nao walikuwa wakiandika "kuleta tofauti" kabla mashine hizi hazijaja. Kwa hiyo nahau ngumu peke yake inathibitisha kwamba kuna tafsiri mahali fulani, haisemi aliyetafsiri ni nani. Vilevile, usahihi si cheti cha ubinadamu: mashine bora za leo hupatanisha ngeli vizuri katika sentensi fupi, na mhariri yeyote anaweza kufuta makosa kabla hujayaona.

Kuna pia kinachoonekana kosa kumbe si kosa. "Rafiki zangu wamefika" ina zi- na wa- kwa nomino moja, nayo ni Kiswahili safi. "Dada yangu amekuja" ni hivyo hivyo. Mwalimu anayewinda makosa kwa jedwali la ngeli mkononi anaweza kumwadhibu mwanafunzi aliyeandika vizuri kuliko jedwali lenyewe.

Ninachofanya ni rahisi. Nachukua sentensi ndefu, nafunika sehemu ya katikati kwa kidole, nasoma nomino na kitenzi chake kikuu vikiwa vimekaribiana: "mifereji hazijaleta". Kisha natazama kama kosa hilo linarudiwa kwa mwelekeo mmoja au linarukaruka, na kama tahajia nayo inayumba au ni safi mno. Mwisho nasoma nahau kwa sauti.

Ukikuta dalili moja, usimtuhumu mtu. Ukizikuta zote katika aya moja, kama aya yetu ya Rufiji, usiichapishe mpaka mwandishi akueleze mifereji hiyo imechimbwa kijiji gani.